Njumu za Mwanaidi: slaidi ya akiba inapogeuzwa hadithi

Slaidi za elimu ya fedha kwa vijana hazitofautiani sana, ziwe zimeandaliwa na benki, na shirika, au na mwalimu kwa kompyuta yake mwenyewe. Ya kwanza inatenganisha mahitaji na matamanio. Inafuata ya lengo, halafu ya bajeti, ya riba inayozaa riba, ya fedha ya dharura, na ya mahali pa kutunza pesa. Mwishoni kuna picha ya chupa iliyojaa sarafu na mche unaochipua juu yake. Kijana wa kidato cha pili anazitazama kipindi kizima, ananakili, na akiulizwa kwenye mtihani anazitaja zote bila kukosea. Kinachomshinda ni Ijumaa mchana, ana shilingi 600 mfukoni, wenzake wamesimama kwa muuza chipsi, na wote wanamtazama yeye.

Pengo hilo limepimwa. Mwaka 2014 watafiti watatu, Fernandes, Lynch na Netemeyer, walikusanya matokeo ya tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha wakataka kujua ni kiasi gani mafunzo hayo yanabadili matumizi ya watu. Wakakuta ni kidogo mno, na hicho kidogo chenyewe kilikuwa kinayeyuka kadiri miezi ilivyopita. Wengine waliofuata wamepata matokeo mazuri zaidi ya hayo, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha bajeti Jumatatu na kuona Jumanne inavyokwenda anajua watafiti hao walikuwa wanazungumzia nini.

Ndiyo maana kuna walimu na waandishi wanaozichukua slaidi hizo na kuzitungia hadithi fupi. Ni kazi nzuri, na mara nyingi inaharibika, kwa sababu mtunzi anajaribu kuibeba mada nzima. Anampa mhusika mahitaji na matamanio ukurasa wa kwanza, bajeti ukurasa wa pili, riba ukurasa wa tatu, na ukurasa wa nne kijana amefungua duka. Hapo slaidi zimepewa majina ya watu tu, hazijawa hadithi. Hadithi fupi ya maneno 1,000 hivi, inayosomeka kwa sauti na bado kipindi kikabaki na muda wa mazungumzo, ina nafasi ya uamuzi mmoja mgumu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutupa.

Tuzipitie slaidi zetu tukiwa na kijana fulani akilini. Tumwite Mwanaidi, wa kidato cha tatu, anakaa Ngamiani, Tanga, na anacheza mpira timu ya wasichana ya shule. Slaidi ya bajeti inasema asilimia 50 iende kwenye mahitaji, 30 kwenye matamanio, 20 kwenye akiba. Kanuni hiyo ilipata umaarufu mwaka 2005 kupitia kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, na waliandikia familia za Marekani zenye mshahara wa kila mwezi. Mwanaidi hana mshahara. Kila siku ya shule mama yake anampa shilingi 1,000, ambapo 400 ni nauli ya kwenda na kurudi na 600 ni ya kula. Jumamosi anamsaidia shangazi yake kuuza mihogo, anapewa 2,000. Ukimgawia asilimia unampa zoezi la hesabu. Slaidi hiyo tunaiacha.

Ya riba nayo tunaiacha, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi na watoa mada. Ni kweli kwamba anayeweka 10,000 kila mwezi kwa miaka 40, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, mwishoni atakuta zaidi ya milioni 63. Lakini msichana wa miaka 16 anayeweka 2,000 kwa wiki, kwa wiki 15, kwenye akaunti yenye riba ya asilimia 4, atapata riba isiyofika shilingi 200. Hadithi ikimwahidi kwamba riba ndiyo itakayomfikisha, itakuwa imemdanganya, naye atakuja kujua.

Tunazozichukua ni slaidi tatu: lengo, dharura, na mahali pa kutunza. Hizo zinashikana, kwa sababu mtu mwenye lengo na kibubu chini ya kitanda hakosi siku ya kujiwa na mwenye shida. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Slaidi ya lengo husema lengo liwe na kiasi na muda. Kwenye hadithi sentensi hiyo haitamkwi na mtu. Inakuwa bidhaa, bei, na hesabu nyuma ya daftari:

*Njumu zilikuwa nyeusi, zimechujuka kidogo penye kidole gumba, lakini meno yote yalikuwapo. Mwanaidi alizigeuza akayahesabu.*

*“Bei gani, kaka?”*

*“Thelathini na tano.”*

*“Za mtumba hizi?”*

*“Mpya ungezikuta hapa?”*

*Wakavutana mpaka thelathini. Muuzaji akazirudisha kwenye lundo. “Sikuwekei, dada. Ila mzigo unaingia kila wiki, na bei yangu ndiyo hiyo. Siku ukiwa nayo, njoo.”*

*Usiku alifungua daftari la hesabu ukurasa wa mwisho. Akila maandazi mawili badala ya matatu anabakiza mia mbili kwa siku, elfu moja kwa wiki. Ya shangazi anaigawa katikati, elfu nyingine. Elfu mbili kwa wiki. Aliandika 15, akakizungushia duara. Mechi ya kwanza ya mashindano ilikuwa wiki ya kumi na tano.*

Tazama kilichotokea kwa slaidi. Kiasi kipo, muda upo, na gharama ya kila siku ipo: andazi moja. Msomaji wa umri wake analijua andazi hilo, anajua njaa ya saa nane mchana, kwa hiyo haambiwi kwamba kuweka akiba ni kujinyima. Tarehe ya mechi nayo inafanya kazi, maana bila hiyo kuchelewa wiki moja hakumuumizi mtu. Muuzaji anakataa kumwekea njumu kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye mtumba. Mtunzi anayemfanya muuzaji amwonee huruma binti na kumfichia mzigo kwa miezi minne ameshaanza kumpunguzia msomaji uzito wa jambo.

Sasa mahali pa kutunza. Mwandishi mwingi wa hapa kwetu atachukua kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, kisichofunguka mpaka kivunjwe, kwa sababu kinaonekana kuwa ndicho chenye nidhamu. Kuna jambo hapa ambalo mtunzi anapaswa kulijua kabla hajaandika. Magharibi mwa Kenya, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuchangishana njia tofauti za kuweka akiba ya afya, na matokeo wakayachapisha mwaka 2013. Baadhi walipewa sanduku lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe. Wengine walipewa sanduku la aina hiyo hiyo, lakini ufunguo ukakaa kwa afisa wa mradi mpaka lengo litimie. Mtu angedhani la pili lingeshinda. Lililoongeza matumizi ya kujikinga na maradhi ni la kwanza, lenye ufunguo mkononi mwa mwenyewe. Pesa iliyofungiwa kabisa haikuwa na msaada siku ya dharura, kwa hiyo watu hawakuwa na hamu ya kuiweka humo. Na sanduku la kawaida, hata kama lilifunguka wakati wowote, liliitenga pesa na kuipa kazi yake, hivyo mwenye nalo alikuwa na la kumwambia anayemwomba: hii ina shughuli yake.

Uganda nako, Dean Karlan na Leigh Linden waliufuatilia mpango wa akiba katika shule za msingi 136. Wanafunzi waliweka sarafu zao kwenye sanduku la shule. Mwisho wa muhula baadhi walirudishiwa fedha taslimu, wengine vocha za kununulia vifaa vya shule tu. Waliojua watapewa taslimu ndio walioweka zaidi, na pale wazazi nao walipoitwa wakaelezwa mpango, watoto hao walinunua vifaa zaidi na alama zao zikapanda kidogo. Kamba iliyolegea kidogo iliwafaa kuliko iliyokazwa.

Kwa hiyo kibubu cha Mwanaidi kitakuwa na kufuli dogo na ufunguo. Hilo si pambo. Kikiwa cha misumari, uamuzi utakaokuja ni kuvunja au kutovunja, na msomaji ataona kuvunja ndiko kushindwa. Kikiwa na ufunguo, swali linakuwa gumu zaidi, na la kweli zaidi: atoe kiasi gani?

*Wiki ya saba kibubu kilikuwa na elfu kumi na nne. Shabani alirudi saa tatu usiku, akaegesha pikipiki, akakaa kizingitini bila kuvua koti.*

*“Mwanaidi.”*

*“Abee, kaka.”*

*“Hesabu ya bosi leo haijatimia. Jana nilimbembeleza, leo kasema nisipomaliza, kesho nirudishe pikipiki.”*

*“Imepungua ngapi?”*

*“Tisa.” Akatazama viatu vya mdogo wake, vile vya shule alivyomnunulia yeye mwenyewe mwezi wa kwanza. Hakuvitaja. “Najua una pesa yako ya mpira. Ijumaa nakurudishia.”*

*Ijumaa ya Shabani wote nyumbani waliijua. Mama aliacha kukoroga mboga, lakini hakugeuka.*

Hapa mtunzi asimame na kujiuliza kama ameutenda haki upande wa pili. Kosa linalorudiwa mno kwenye hadithi za namna hii ni kumfanya anayeomba awe mlevi, mcheza kamari, au mvivu. Akiwa hivyo, kumkataa hakuna gharama, na kijana hajifunzi kitu atakachokitumia nyumbani kwao, ambako wanaomwomba ni watu anaowapenda na shida zao ni za kweli. Shabani ni mwendesha bodaboda anayedaiwa hesabu ya siku. Pikipiki ikienda, na mchango wake wa chakula cha nyumbani unakwenda. Na viatu vile alivinunua yeye. Wakati huohuo Ijumaa zake haziaminiki. Kijana anayesoma anavutwa huku na huku, na hapo ndipo slaidi ya dharura inapoanza kuwa na maana, kwa sababu slaidi yenyewe haisemi dharura ya nani.

Kosa la pili ni mjomba mhasibu. Hujitokeza katikati ya hadithi, amevaa vizuri, anakaa chini ya mwembe na kuitoa mada nzima kwa maneno yake. Kuna sababu ya kumwondoa iliyo zaidi ya uchoshi wake. Afrika Kusini tamthilia ya televisheni iitwayo Scandal! iliwahi kuingiziwa kisa cha madeni kilichochukua miezi miwili hivi. Mhusika mkuu, Maletsatsi, alikopa mpaka akazama, kisha akatafuta njia ya kutoka. Watafiti wa Benki ya Dunia, Gunhild Berg na Bilal Zia, waliwapanga watu karibu 1,000, baadhi wakahimizwa kuitazama na wengine wakahimizwa kutazama tamthilia nyingine. Walioitazama Scandal! hawakuvutwa sana na kamari wala na kununua kwa mkopo wa dukani, na waliohitaji kukopa walielekea zaidi kwenye taasisi rasmi. Lakini kinachomhusu mtunzi ni hiki: yaliyotoka kinywani mwa Maletsatsi yalikaa vichwani mwa watazamaji kuliko yale yaliyotolewa na mtaalamu aliyealikwa kwenye kisa. Walimsikiliza waliyekuwa wanamwonea huruma. Basi kama kuna neno la maana kuhusu akiba katika hadithi yetu, liseme Mwanaidi, na liwe limemgharimu.

*Mwanaidi aliingia chumbani. Alikaa na ufunguo mkononi mpaka mama akauliza kama amelala. Akafungua kibubu, akahesabu, akahesabu tena.*

*“Nina nne, kaka.”*

*“Nne tu?”*

*“Ninazo zaidi. Ila ninazoweza kukupa ni nne. Zilizobaki zina kazi.”*

*Shabani aliinua macho. Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mdogo wake. “Na hizo tano nitazipata wapi saa hizi?”*

*“Sijui, kaka.”*

*Alizipokea kwa mikono miwili. Nje pikipiki ilikataa kuwaka mara ya kwanza, ikawaka mara ya pili. Mwanaidi alifungua daftari, chini ya 15 yenye duara akaandika: Shabani 4,000.*

Anachosema hapa, kwamba zilizobaki zina kazi, ndicho walichokuwa wanakisema wale wenye masanduku kule Kenya. Hakuna mtu aliyemfundisha kwenye hadithi, na hakuna anayekuja kumpongeza. Amemkatalia kaka yake sehemu ya ombi, na jibu lake la mwisho, kwamba hajui, linauma. Mtunzi asilipunguze makali kwa kumfanya Shabani acheke au mama aseme neno zuri.

Baada ya hapo hesabu lazima iende kama inavyokwenda duniani. Zimebaki 10,000. Wiki ya nane Shabani anarudisha 1,500, wiki ya kumi anarudisha 1,000, kisha kimya. Mwanaidi anaendelea na 2,000 zake kila wiki. Ikifika wiki ya 15, siku ya mechi, kibubu kina 28,500. Zimepungua 1,500, ambazo ndizo Shabani hakurudisha. Wiki ya 16 atakuwa na 30,500, atanunua njumu na kubakiwa na 500.

Hapo ndipo waandishi wengi hukosa ujasiri. Wanaleta kocha anayemalizia pesa, au muuzaji anayepunguza bei, au Shabani anayetokea uwanjani na bahasha. Kufanya hivyo ni kumfundisha kijana kwamba ukijibana, mtu atatokea kukuokoa, jambo ambalo hakuna slaidi iliyolisema na ambalo si kweli. Pia wako wanaomwadhibu: anakosa mechi, timu inafungwa, anajuta kumsaidia kaka yake. Hiyo nayo ni hukumu iliyotoka kwa mtunzi, haikutoka kwenye hesabu. Hesabu inasema amechelewa wiki moja kwa sababu ya 1,500. Basi acheze mechi ya kwanza na njumu za kuazima zilizompwaya, zilizojazwa soksi, acheze vibaya kuliko kawaida yake, na Jumamosi inayofuata aende kwa wauza mitumba. Zile nyeusi hazipo. Kuna za bluu, namba yake, kwa bei ileile. Hadithi inaweza kuishia akizijaribu huku Shabani, aliyempeleka kwa pikipiki bila nauli, akimsubiri pembeni. Deni la 1,500 halijalipwa na hakuna aliyelitaja. Vijana watalijadili wenyewe.

Ukishaandika, ipime kwa kalamu kabla ya kuipeleka darasani. Pigia mstari kila sentensi ambayo ungeweza kuirudisha kwenye slaidi bila kubadilisha neno. “Ni muhimu kuwa na nidhamu ya fedha” itapigiwa mstari. “Nina nne, kaka” haitapigiwa. Zilizopigiwa mstari zifute zote, kisha soma tena uone kama hadithi imepungukiwa kitu. Mara nyingi haipungukiwi. Halafu piga hesabu zote upya, kwa sababu vijana watazipiga. Nauli isiyolingana na ya mjini kwao au jumla iliyokosewa inatosha kuwafanya waache kukuamini.

Darasani isome kwa sauti mpaka pale Shabani aliposema Ijumaa nakurudishia, kisha simama. Wagawie vipande vya karatasi, kila mmoja aandike bila jina kiasi ambacho angempa, kuanzia sifuri mpaka 14,000, na chini yake idadi ya wiki atakazochelewa ikiwa pesa hiyo haitarudi. Aliyeandika 9,000 agundue mwenyewe kwamba amejiongezea wiki tano, maana ya nne na nusu haipo kwa anayeweka mara moja kwa wiki. Kusanya karatasi, andika namba ubaoni kutoka ndogo hadi kubwa, waache wabishane, kisha malizia kusoma. Slaidi ya fedha ya dharura ioneshwe baada ya hapo. Sasa wana maswali ya kuiuliza: fedha ya dharura ikae kibubu kimoja na ya njumu, au viwe viwili? Dharura ya kaka ni dharura yangu?

Na zile namba za ubaoni zitazame vizuri, kwa sababu zinamsahihisha mtunzi. Zikitawanyika, tatu hapa, sita pale, mmoja 14,000 zote, hadithi imesimama. Zikiwa karibu zote sifuri, tatizo haliko kwa wanafunzi wala kwenye slaidi. Shabani ndiye hajaandikwa vya kutosha. Rudi kwenye kile kizingiti umwongezee vile viatu vya shule, siku aliyovinunua, na kile alichoacha kujinunulia ili avilipie.